Jua Lililokimbia Zizini

Mimi ni mtu aliyejijenga mwenyewe, na sioni aibu kulisema. Nilitoka kwetu, kilima cha pili ukipita Khayega, nikiwa na begi moja. Nikaenda Ghuba, Uarabuni, kulinda mlango wa jengo la vioo. Stashahada yangu ya teknolojia ya habari niliisomea huko huko, nikiwa bado na sare ya mlinzi, na kabla mkataba haujaisha nilikuwa nimehamishwa kutoka mlangoni hadi ghorofa ya juu, kwenye chumba cha kompyuta. Wenzangu wengi walirudi nyumbani na mablanketi na redio kubwa. Mimi nilirudi na kazi mkononi. Nikakodi chumba mjini Kakamega, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo, nikaanza kutengeneza michezo ya simu. Watu waliniuliza kama hiyo ni kazi ya mtu mzima. Niliendelea kuandika.

Mchezo wetu wa kwanza ulihusu fahali. Nasema wetu kwa sababu michoro yote ilikuwa ya mwenzangu, mwanamke wa Lugari aliyekuwa amechora mabango ya saluni na vinyozi kabla sijamwajiri. Aliniita Bosi, lakini kwa namna ambayo neno lenyewe lilikuwa na kidole cha kunichoma mbavuni. Wazo lilikuwa langu. Kwetu fahali hupiganishwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi. Hutolewa zizini kwa ngoma za isukuti na pembe za kupuliza, wanaume wakikimbia kando yake, na jua likichomoza shughuli iwe imekwisha. Kwa hiyo mchezo ulikuwa hivi: unapewa ndama, unamkatia nyasi, unamnywesha, unamkuza mpaka awe fahali, kisha siku yake ikifika unamtoa kabla ya jua kuchomoza. Ukichelewa, umechelewa. Usipomlisha, anakonda na kufa. Katika mchezo wangu hakuna cha bure.

Ndiyo maana saa ya mchezo ule ilikuwa moyo wake. Jua, giza, njaa, umri wa ndama, vyote vilisoma saa moja. Mchana mmoja na usiku wake vilichukua muda wa kuchemsha birika la chai. Asiye na subira angeweza kugusa kitufe cha kuongeza mwendo siku zikapita upesi kidogo.

Kitufe hicho kilitusumbua mwanzoni. Ukikigusa adhuhuri, jua liliruka ghafla likazama, na ndama akajikuta katikati ya usiku wa siku nyingine. Mchoraji aliinua miguu yake juu ya kiti akasema, "Bosi, huku kwenu jua hupanda pikipiki?"

Nilipata sababu siku hiyo hiyo. Saa niliyoiandika mwanzo ilihesabu muda wote tangu mchezo ufunguliwe, kisha ikauzidisha kwa mwendo. Ukibadilisha mwendo, hata saa zilizokwisha kupita zinazidishwa upya kwa mwendo mpya, kama mtu anayeongezewa miaka ya nyuma kwa sababu leo ametembea haraka. Nikaiandika upya. Kila picha inapochorwa kwenye kioo, saa inachukua kipande kidogo cha muda kilichopita tangu picha iliyotangulia, inakizidisha kwa mwendo wa sasa, inakiongeza kwenye jumla. Yaliyopita yanabaki yalivyo. Nikaweka na kikomo, ili simu ikichelewa wakati wa kufungua mchezo uliohifadhiwa, ule muda wa kusubiri usihesabiwe kama siku nzima. Halafu, kwa kuwa mchezaji hutoka zizini kwenda mtoni na kutoka mtoni kwenda uwanjani, nikaifanya saa idumu, isifutwe kila sehemu inapobadilika. Ilikuwa kazi safi. Mchoraji mwenyewe, ambaye kusifu kwake ni kama mvua ya Januari, alisema, "Sawa. Sasa limeshuka pikipiki."

Baba yangu alikuwa na fahali maisha yake yote. Simaanishi ng'ombe. Namaanisha fahali wa kupigana, mmoja kwa wakati mmoja, aliyelala karibu na nyumba kuliko sisi watoto. Mgeni alipofika kwetu hakukaa wala hakupewa maji kabla Baba hajampeleka kwenye mlango wa zizi. Baba aliondoa boriti, mnyama akainua kichwa, mgeni akatikisa chake, ndipo salamu zikaanza. Hata padri alipitia hapo. Mama yangu, alipokuwa hai, alisema siku ya mwisho wa dunia malaika nao wataonyeshwa fahali kwanza.

Ulikuwa umepita muda mfupi tu tangu nirudi kiharusi kilipompata. Kilimpoozesha upande wote wa kulia. Alilazwa hospitali ya Mukumu, na wakati yuko huko ukoo ulikaa ukauza fahali, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumshika. Aliporudi nyumbani hakuuliza. Alilazwa kwenye kitanda kilichotazama dirisha, na dirisha lilitazama zizi, na mlango wa zizi ulikuwa wazi. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye anayemtunza, alitaka tugeuze kitanda. Baba akasema kwa ule mdomo uliopinda, "Mkinigeuza nitaangalia nini? Kalenda?"

Nikampelekea tableti yenye mchezo wangu. Mchoraji alikuwa amemchora fahali kwa rangi za yule wa Baba, mweusi mwenye baka jeupe begani na pembe moja iliyoinama kuliko nyingine. Alimchora kutokana na picha ya zamani, na akaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye picha. Ukigusa neno Endelea kwenye ukurasa wa kwanza, boriti ya zizi inaondoka, mlango unafunguka, na fahali anainua kichwa polepole na kukutazama. Mara ya kwanza Baba alipokiona kichwa hicho, aliisogeza tableti karibu na uso wake kwa mkono wa kushoto.

"Nani aliwaambia huwanga anapumua namna hiyo?" aliuliza.

"Ni kazi yangu kujua," nilisema.

"Wewe hukujua hata upande wa kukamulia ng'ombe."

Lakini hakuirudisha. Alijifunza kutumia kidole gumba cha kushoto. Alimlea ndama kutoka mwanzo, hakutaka nimpe aliyekwisha kukua. Kitufe cha kuongeza mwendo hakukigusa. Alisema ng'ombe hakui kwa kuharakishwa. Dada alimpangia mto chini ya mkono, na tableti ilikaa kwenye chaja mchana kutwa, haizimwi. Ndani ya miezi michache daktari aliyekuja kumtazama alishangaa jinsi mkono ule wa kushoto ulivyopata nguvu, na jinsi mgonjwa alivyokula. Baba alikula kwa sababu alikuwa na mnyama wa kulisha. Sikuwahi kuandika programu iliyofanya kazi kubwa kama hiyo, na sijui mtu mwingine kutoka kilima chetu aliyeiandika.

Lengo lake lilikuwa moja, na kila aliyeingia chumbani aliambiwa. Fahali akikomaa, wenzake watatu wa zamani, wote wenye fahali, waje waketi, nao waone akimtoa alfajiri. Alitaka kumtoa mara moja zaidi. Baada ya hapo, alisema, mnaweza kugeuza kitanda.

Kisha akaanza kusema kwamba siku zinakimbia.

"Papa," aliniambia Jumapili moja, kwa maana kwetu baba humwita mwanawe hivyo akimpenda au akiwa na shida, "hili jua lenu siku hizi halikai. Nikate nyasi, usiku. Nimnyweshe, asubuhi. Jana lilikimbia mpaka nikaacha."

Nikaichukua tableti. Kwanza nikafunga kila kitu kilichokuwa wazi, mchezo na vyote, nikauanzisha upya, kwa maana ndivyo fundi yeyote wa kazi yetu anavyoanza. Nikagusa Endelea. Nikakaa naye, tukaangalia jua likipanda juu ya zizi kwa utulivu wake wote.

"Unaona? Saa iko sawa, Baba. Niliiandika mimi."

Alilitazama lile jua kwa muda mrefu.

"Basi ni mimi," alisema.

Nilidhani ametania. Wiki iliyofuata alisema tena, na tena nikaifunga na kuifungua, na tena jua likatulia. Ofisini nilimwambia mchoraji. Tulikaa mchana mzima tukijaribu mchezo kwenye simu tatu tofauti. Tulibadilisha mwendo, tulihifadhi na kufungua, hatukuona kasoro. Lakini kila tulipobadilisha jambo tuliuweka mchezo upya kwenye simu, na ukiuweka upya unaanza safi, hauna kumbukumbu ya kilichoendelea kabla.

"Labda ni mzee tu," mchoraji alisema. "Nyanya yangu alikuwanga anasema redio inasoma habari haraka siku hizi."

Nikakubali. Baba naye alikuwa amekubali, lakini kwa njia yake. Dada aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameanza kuwaambia wageni kuwa wakati wake unamwagika kama maji, kwamba mwanawe akishika kile kioo jua humtii, na yeye akikishika jua hukimbia, na kwamba hiyo ni habari ambayo mtu mwenye masikio huisikia. Alimwambia dada amtafutie suti yake ya bluu, ya kuzikwa nayo, ipigwe pasi. Sikuambiwa hilo wakati huo.

Fahali alikomaa. Wazee waliitwa Jumamosi mchana, kwa kuwa alfajiri ya kwenye mchezo haina haja ya umande wa kweli. Dada alichinja ingokho wawili, kuku wa kwetu, na kusonga ugali wa obusuma. Mimi nilinunua viti vipya vya plastiki, na nilivaa shati nililorudi nalo kutoka Ghuba. Sitaficha, nilikuwa na furaha. Nilitaka wazee wale waone ni mtoto wa nani aliyetengeneza kitu kile.

Hawakuja pamoja. Alitangulia jirani wa bondeni, na Baba, kabla ya salamu, akatoka kwenye zizi la mchezo, akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akagusa Endelea, boriti ikaondoka, fahali akainua kichwa kwa ajili ya mgeni. Jirani akatikisa chake. Kisha akaja shemeji wa Baba. Baba akarudi mwanzo tena, akagusa Endelea, fahali akainua kichwa. Halafu wakaja majirani wawili ambao hawakualikwa, na mke wa jirani, na mwalimu wa katekisimu, na kila mmoja alionyeshwa mlangoni peke yake, kwa heshima yake. Mimi nilikuwa nje nikipanga viti. Niliwasikia wakisema "Ee," mmoja baada ya mwingine, kwa ile sauti ya wanaume wanaopima mabega ya mnyama.

Wa mwisho alikuwa hasimu wa Baba. Tangu ujana wao fahali wao walikuwa wakikutana, na wao wenyewe hawakukubaliana hata rangi ya mbingu. Aliingia akiwa ameshika kofia.

"Nimeambiwa una fahali wa kioo," alisema. "Anakula nini, sabuni ya dirisha?"

"Anakula wako," Baba alijibu. "Simama hapo mlangoni kwanza uonyeshwe."

Wakacheka wote. Baba akarudi mwanzo, akagusa Endelea. Yule hasimu aliinama, akaangalia kichwa kikiinuka.

"Hata ile pembe," alisema taratibu. "Hata ile pembe mbaya."

"Sasa kaa," Baba alisema. "Utaona alfajiri ikifika, pembe ya kupulizwa itatokea hapa pembeni. Nikiigusa, anatoka."

Nilikuwa jikoni nikimsaidia dada kubeba sufuria, naye akauliza, "Mbona wamenyamaza?" Kisha tukamsikia yule hasimu akicheka, "Alfajiri hiyo imepita, mzee. Na hiyo nayo imepita. Wewe unapuliza pembe au unafukuza nzi?" Halafu kicheko nacho kikakatika.

Nilipoingia, mwanga kwenye uso wa Baba ulikuwa unawaka na kuzima. Nilisimama nyuma ya kitanda nikaona. Jua lilichomoza, likakata anga, likazama, nyota zikamwagika, jua likachomoza tena, kabla mtu hajamaliza Salamu Maria moja. Pembe ilitokea na kupotea, na kidole gumba cha Baba kilifika mahali ilipokuwa ikiwa imeshaondoka. Aliiacha, akaenda kwenye nyasi. Alikata fungu moja, siku tatu zikapita akilivuta. Mbavu za fahali zilikuwa zimeanza kuonekana. Mchoraji alizichora vizuri mno zile mbavu.

"Baba, nipe niifunge," nilisema. "Ukiifunga itatulia. Nipe upesi."

"Acha."

"Ni hitilafu, Baba. Si wewe. Nipe."

Niliunyoosha mkono, na yule hasimu, mtu aliyekuja kudhihaki, akaushika kifundoni.

"Kijana," alisema, "kamba haichukuliwi mkononi mwa mwenyewe fahali akiwa nje. Hata kama wewe ndiye uliyeisuka."

Hiyo ni kweli kwetu. Fahali akishatolewa, ushindi ni wa mwenyewe na aibu ni ya mwenyewe, na anayempokonya kamba amemwambia mbele za watu kwamba yeye si mwanamume tena. Ningempokonya baba yangu tableti mbele ya wazee wale, na mkono wake mmoja ndio huo uliobaki. Nilisimama. Kila jua lilipochomoza neno dogo lilitokea juu kwenye kona ya kioo, Imehifadhiwa, kwa sababu niliuandika mchezo ujihifadhi wenyewe kila alfajiri, ili mchezaji asipoteze kitu. Imehifadhiwa. Imehifadhiwa. Nafasi za kuhifadhia ni tatu, na mpya inafuta iliyo kuukuu kuliko zote. Nilijua tayari, nikiwa nimesimama pale, kwamba hakuna tena hata moja yenye fahali mzima.

Fahali alipiga magoti ya mbele kwanza. Mchoraji alikuwa amesema ng'ombe huanza na magoti ya mbele. Kisha akalala ubavu, na jua na nyota zikaendelea kupita juu yake, haraka vile vile, na Baba akaendelea kumvutia nyasi kwa muda, mafungu yakajipanga mbele ya mdomo wake.

Yule hasimu aliivua kofia aliyokuwa ameivaa muda si mrefu uliopita. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyesema ni mchezo. Ningefurahi mmoja angesema. Walikula chakula cha dada, wakainuka, na kila mmoja alipotoka alimshika Baba bega, lile la kulia lisilosikia kitu.

Jumatatu niliifungua kazi yangu mbele ya mchoraji, na sababu tuliipata kabla chai haijapoa. Saa ilikuwa inatengenezwa mtu anapogusa Endelea. Mimi nilikuwa nimeiambia idumu, isifutwe sehemu zinapobadilika, na ilitii. Mchezaji aliporudi kwenye ukurasa wa kwanza, saa haikuondoka, kwa sababu sikuiambia iondoke. Alipogusa Endelea tena, ilitengenezwa ya pili. Zote mbili ziliongeza vipande vyao vya muda kwenye jumla ile ile, na siku ikakimbia mara mbili. Akirudi tena, mara tatu. Hazikufa mpaka mchezo wenyewe ufungwe kabisa, jambo nililolifanya mimi kila nilipoishika ile tableti, na ambalo Baba hakulifanya hata siku moja. Yeye aliingia zizini na kutoka, akaingia na kutoka, kama alivyoishi. Na Jumamosi ile alimwonyesha kila mgeni mlango.

Mchoraji aliangalia maandishi yale kwenye kioo cha kompyuta. Kwa mara ya kwanza hakuniita Bosi.

"Kwa hiyo kila aliyemsalimu alimwongezea saa," alisema.

Dawa yake ni fupi. Saa mpya ikizaliwa, iulize kama kuna nyingine. Kama ipo, mpya ijiondoe. Na mtu akirudi mwanzo, iliyopo ifutwe. Niliandika hayo, nikajaribu kwa kuingia na kutoka mpaka kidole kikachoka, bila kuufunga mchezo hata mara moja. Jua lilitembea kama jua. Mchezo ule sasa uko kwenye simu za watu wengi, hata wa nchi nilikolinda mlango, na wapo wanaoandika kwamba alfajiri zake ni nzuri kuliko za mchezo wowote. Ni kweli. Mimi ndiye niliyeziandika.

Nilikaa na yale mafaili matatu ya kuhifadhia mchezo, kutoka tableti ya Baba. Yote matatu yalikuwa na maiti. Lakini umri ni namba, njaa ni namba, uzito ni namba, na namba naziweza. Nilimrudishia yote. Nilimpa uzito wa siku ile wazee walipokuja, nikaweka saa usiku wa kuamkia pambano, nikahifadhi. Mchoraji aliniangalia nikifanya.

"Atajua," alisema.

"Atajuaje? Ni yule yule, hata unywele haujapungua."

Nilimpelekea jioni. Alikuwa ameegemea mto, suti ya bluu imetundikwa ukutani kwenye mfuko wa nailoni, na hapo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza na kumuuliza dada, naye akaniambia yote. Nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nisikilize. Zile siku hazikuwa zako. Zilikuwa saa nyingi zimepandana, kosa la kwenye maandishi. Nimeziondoa. Hakuna kilichokimbia kwako. Unanielewa?"

"Naelewa," alisema. "Saa zilikuwa nyingi."

"Ndiyo."

"Na sasa iko moja."

"Moja tu, Baba."

Alifikiri. "Moja ni kidogo," alisema.

Nikaweka tableti kwenye mto, nikagusa Endelea mwenyewe. Boriti ikaondoka. Mlango ukafunguka. Fahali akainua kichwa, mweusi, na baka lake, na pembe yake, akamtazama. Nje ya zizi kulikuwa bado giza, na ile pembe ya kupulizwa ingetokea baada ya muda mfupi, na ingekaa pale ikimsubiri mtu mwenye kidole kizito.

Baba alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mnyama akiwa mgeni kwenye boma la mwingine. Akatikisa kichwa kidogo, kile kichwa cha wageni.

"Mzuri," alisema. "Ni wa nani?"

"Ni wako, Baba."

"Wangu alikufa watu wakiwa wamekaa. Wamekula hata chakula cha matanga yake." Aliisukuma tableti kwa kidole gumba mpaka ikagusa goti langu. "Huyu mrudishie mwenyewe. Asilale nje."

Pembe ilitokea pembeni mwa kioo. Niliiangalia ikikaa. Alfajiri ilikuja polepole, sahihi kabisa, ikapita. Dada aliingia, akauliza kama tugeuze kitanda sasa. Baba akasema tugeuze.